"Jenga hapa, patakuwa pako": nyumba yako kwenye hatimiliki ya mwingine

Maneno yenyewe huwa machache. Kaka mkubwa amesimama shambani, anaonyesha kwa fimbo: kutoka mwembe ule hadi kwenye ua wa mkonge, jenga hapo, patakuwa pako. Hakuna anayeandika kitu. Mama yupo, jirani yupo, na mwezi unaofuata lori la kwanza la mchanga linamwagwa. Nyumba inapanda, watoto wanazaliwa humo, kaka mwenyewe anakuja kula siku ya kuhamia. Kisha, miaka kumi na miwili baadaye, ndugu wamekosana, na mtu wa pikipiki analeta barua ya wakili: una siku 30 za kuhama ardhi ya mteja wetu.

Aliyepokea barua hiyo kwa kawaida ana sentensi moja tu mdomoni: "Lakini mimi ndiye niliyejenga." Sentensi hiyo ni ya kweli, na peke yake haimfikishi mbali. Nitaeleza jambo hili kwa sheria ya Kenya, ambako mahakama zimelisemea sana katika miaka ya karibuni, ingawa mizizi yake iko Uingereza.

Sheria inaanzia mahali pabaya kwa mjenzi. Kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi, hivyo tofali likishatiwa saruji linamfuata yule ambaye jina lake liko kwenye rejista. Ahadi ya mdomo nayo inakutana na kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba: huwezi kushtaki kwa mkataba wa kuuza au kuhamisha ardhi kama haukuandikwa, ukatiwa sahihi na wahusika na kushuhudiwa. Kama ardhi ni shamba, kuna kikwazo cha tatu. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka kibali cha bodi ya ardhi, kiombwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano, la sivyo makubaliano ni batili, na zawadi ya kipande cha shamba inaingia humo humo. Kwa hiyo kaka akienda mahakamani na hatimiliki mkononi, karatasi zote ziko upande wake.

Mlango wa mjenzi uko kwenye kifungu hicho hicho cha 3(3). Mwishoni kimeongeza kwamba hakizuii kuundwa kwa amana, yaani hali ambapo jina la mtu liko kwenye hatimiliki lakini dhamiri inamlazimisha kuishika ardhi kwa ajili ya mwingine. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinarudia hayo. Kupitia ufa huo mdogo zinaingia kanuni za ekwiti, ile sehemu ya sheria iliyozaliwa Uingereza ili kulainisha sheria pale inapomsaidia mtu kudhulumu. Kanuni inayotuhusu mawakili huiita estopeli: mtu aliyekufanya uamini jambo, akakuacha utumie mali yako kwa imani hiyo, hazuiwi tu kwa aibu kukana baadaye. Mahakama inamzuia.

Kwa muda mrefu majaji wa Kenya walitofautiana kama ekwiti inaweza kuokoa makubaliano ambayo Sheria ya Udhibiti wa Ardhi imeshayaita batili. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilisema inaweza, katika kesi ya watu 88 waliokuwa wamelipia viwanja, wakaingia na kuviendeleza bila kibali cha bodi. Mabenchi mengine ya mahakama hiyo hiyo hayakukubali. Baadaye hukumu ziliegemea upande wa ekwiti: amana na estopeli zinatumika hata pale kibali kilipokosekana, kama mazingira yanadai hivyo. Hukumu hizo zilihusu wanunuzi waliotoa pesa taslimu. Aliyeahidiwa bure ana kazi ya ziada, kwa sababu "bei" aliyolipa ni matofali, mabati na miaka, na vyote hivyo havina risiti ya mwenye shamba.

Mahakama inauliza nini

Maswali ni matatu, na yanafuatana. La kwanza: uliambiwa nini hasa? La pili: ulifanya nini kwa sababu ya kuambiwa hivyo, ambacho usingefanya? La tatu: kwa hali ilivyo leo, je, mwenye hatimiliki akikana, anakudhulumu kweli, au amebadili mawazo tu kama watu wanavyobadili?

Swali la kwanza ndilo linaloangusha wengi. Kuna kesi mbili za zamani za Uingereza ambazo napenda kuziweka pamoja. Mwaka 1862, katika kesi ya Dillwyn na Llewelyn, baba alimpa mwanawe kipande cha shamba kwa karatasi fupi ambayo kisheria haikutosha kuhamisha chochote. Mwana alijenga hapo nyumba ya pauni 14,000, baba akiona na kuridhia. Baba alipofariki, mahakama iliamuru mwana apewe umiliki kamili. Miaka minne baadaye, katika kesi ya Ramsden na Dyson, wapangaji wa Huddersfield waliojenga nyumba kwenye ardhi ya familia tajiri, wakitumaini kwamba wakitaka watapewa mikataba mirefu, walishindwa. Walijenga kwa pesa zao kama yule mwana. Tofauti ni kwamba mwana alikuwa na ahadi, na hawa walikuwa na desturi nzuri ya mwenye ardhi na tumaini lao wenyewe.

Mtu wa Mombasa anaelewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Pwani kuna nyumba bila ardhi: unajenga kwenye kiwanja cha mwingine, unamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi, nyumba ni yako na unaweza hata kuiuza, lakini ardhi hukuahidiwa kamwe. Kila kodi uliyolipa ni ushahidi kwamba ulijua ardhi ni ya nani. Nyumba iwe nzuri kiasi gani, haikugeuzi kuwa mwenye kiwanja, kwa sababu hakuna aliyekudanganya.

Ndiyo maana shahidi anayesema "alimwambia ajenge" hasaidii kama anayesema "alimwambia ajenge, hapo ni pake". Maneno mawili ya mwisho ndiyo kesi. Kaka akisema "kaa hapa mpaka upate pako", huo ni ukarimu, na ukarimu una mwisho wake.

Ukimya nao unaweza kuwa ahadi. Mwenye shamba anayekuona ukichimba msingi, anajua unaamini pale ni pako, naye ananyamaza mpaka mabati yamepanda, hawezi baadaye kusema hakusema kitu. Lakini lazima yeye awe anajua ukweli, na ajue kwamba wewe umekosea. Ndugu aliyekuwa ng'ambo miaka yote hiyo hawezi kushtakiwa kwa ukimya wake.

Tuchukue hesabu

Tuseme yule kaka ana ekari 3 karibu na Bungoma, zimeandikwa kwa jina lake. Mwaka 2009 anamwonyesha mdogo wake nusu ekari mbele ya mama yao. Mdogo mtu anaacha mpango wa kununua kiwanja mjini na kati ya 2010 na 2012 anatumia shilingi 1,400,000 kujenga. Anahamia mwaka 2012, anaishi hapo miaka 12. Leo nusu ekari tupu ingeuzwa shilingi 1,500,000, na mthamini anasema nyumba imeongeza shilingi 2,100,000 juu yake. Tuseme pia mahakama imeamini kwamba ahadi ilitolewa. Mdogo mtu anapata nini?

Watu wengi wanadhani jibu ni moja: ardhi. Sivyo. Kuthibitisha estopeli kunakupa haki ya kusikilizwa na dhamiri ya mahakama, kisha jaji anachagua dawa inayoondoa dhuluma. Zipo dawa kadhaa, na umbali kati ya ya juu na ya chini ni mkubwa.

Ya juu kabisa ni umiliki. Jaji anatangaza kwamba kaka anashika nusu ekari ile kwa amana ya mdogo wake na kumwamuru aihamishe. Kwenye mfano wetu hilo linawezekana, na ningeliombea kwa nguvu, kwa sababu ahadi ilikuwa ya umiliki, eneo lilionyeshwa kwa mipaka, linaweza kukatwa bila kuharibu shamba lililobaki, na mdogo mtu aliacha nafasi ya kununua kwingine. Hiyo nafasi iliyopotea ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kiwanja cha mjini alichoacha mwaka 2009 leo hakishikiki kwa bei ile.

Wala si lazima uwe umetumia mamilioni. Katika kesi ya Pascoe na Turner ya mwaka 1979, mwanamke aliambiwa na mwenzake wa zamani kwamba nyumba na vyote vilivyomo ni vyake. Alitumia pauni 230 kuikarabati, na mahakama ikampa nyumba nzima. Kilichowasukuma majaji ni kwamba pauni hizo zilitoka kwenye akiba yake ndogo ya uzeeni, ahadi ilikuwa wazi, na mwanaume alikuwa amekusudia kumfukuza kwa njia yoyote. Kumpa ruhusa ya kuishi tu kungemwacha mikononi mwa mtu huyo.

Dawa ya pili ni haki ya kuishi bila umiliki. Mfano wake mzuri ni Inwards na Baker. Mwaka 1931 baba mmoja alimwambia mwanawe, aliyekuwa akitafuta kiwanja, kwa nini usijenge kwenye ardhi yangu, ukaifanya nyumba iwe kubwa kidogo. Mwana alijenga kwa mikono yake. Baba alifariki mwaka 1951, na wosia wa zamani, wa mwaka 1922, ulikuwa umempa mtu mwingine ardhi hiyo. Mwaka 1965 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema mwana hafukuzwi: atakaa hapo kadiri anavyotaka. Ardhi haikuwa yake kuuza. Yasome tena maneno ya baba, utaona kwa nini. Alisema jenga kwenye ardhi yangu. Hakusema itakuwa yako. Mahakama hupima dawa kwa ukubwa wa ahadi.

Ya tatu ni pesa, na hapa ndipo mabishano ya kweli yalipo. Je, mdogo mtu arudishiwe alichotumia, 1,400,000, ambazo thamani yake ya 2010 imeliwa na mfumuko wa bei? Au apewe kile nyumba ilichoongeza, 2,100,000? Upande wa kaka utasema: na je, miaka 12 ya kukaa bure? Kwa nyumba ya kupanga ya shilingi 5,000 kwa mwezi, hiyo ni 720,000. Toa kwenye 2,100,000, zinabaki 1,380,000. Jaji halazimiki kukokotoa hivi, lakini hesabu za namna hii huwekwa mezani, na wakili asiyezitarajia anashikwa bila jibu. Jibu lenyewe lipo: kama ahadi ilikuwa ya umiliki, mtu hakai bure anapokaa kwake. Ni hoja nzuri pale ahadi ni thabiti, na dhaifu pale maneno yana utata.

Pesa zinapotolewa, uombe jambo moja zaidi: usitolewe mpaka ulipwe. Katika kesi ya Dodsworth ya mwaka 1973, wanandoa walitumia zaidi ya pauni 700 kuboresha nyumba ya dada wa mume, na mahakama ikasema wataondoka wakisharudishiwa. Bila sharti hilo, unatoka leo na kuanza kukimbizana na deni kesho.

Na mwisho kuna kupata kidogo, au kukosa kabisa, hata kama kila ulichosema ni kweli. Mtunza bustani wa kesi ya Jennings na Rice alimhudumia mjane mzee kwa miaka mingi, akiambiwa kwamba siku moja haya yote yatakuwa yake. Mirathi yote ilizidi pauni milioni 1.2, nyumba na vilivyomo pauni 435,000. Mwaka 2002 alipewa 200,000, kwa sababu ahadi ilikuwa ya mafumbo na alichotegemea kilizidi mno alichotoa. Katika kesi nyingine ya 1996, mwanaume aliyeishi bila kodi kwenye nyumba ya wakwe kwa zaidi ya miaka 15 aliambiwa kwamba manufaa aliyoyapata yamemaliza deni la haki. Hakupewa kitu.

Mwaka 2022, katika kesi ya Guest, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliweka mwanzo wa hesabu upande wa ahadi: anza kwa kuuliza kama itimizwe, kisha ipunguze pale kuitimiza kunazidi mpaka. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Kenya, lakini inasomwa Nairobi, na kwangu mimi ni sahihi zaidi kuliko kuanza na risiti za saruji. Aliyekuwa na ahadi hakujenga ili arudishiwe saruji.

Shamba la marehemu

Sasa nibadili jambo moja tu kwenye mfano wa Bungoma, kwa sababu ndivyo mambo yalivyo kwenye mashamba mengi. Hatimiliki si ya kaka. Ni ya baba yao aliyefariki mwaka 1998, na mirathi haijafunguliwa. Kaka ndiye "mkubwa wa boma", anagawa kwa fimbo kama alivyofanya baba.

Kisheria kaka huyo hana cha kuahidi. Mpaka awe na barua za usimamizi kutoka mahakamani, kugawa mali ya marehemu ni kuingilia mirathi, kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi. Estopeli inamfunga aliyeahidi. Haiwafungi dada zake wanne ambao hawakuulizwa na ambao wana haki sawa kwenye shamba hilo. Kama mdogo mtu naye ni mtoto wa marehemu, njia yake si kesi ya ahadi. Afungue mirathi, aombe ule upande aliojengea uwe sehemu ya fungu lake, jambo ambalo mahakama za mirathi huelewa vizuri. Kama aliyejenga ni shemeji au rafiki, hali ni mbaya zaidi: ana madai dhidi ya kaka binafsi, na dhidi ya fungu ambalo kaka atakuja kulipata, kama litapatikana.

Nimeona watu wakitumia miaka minne kwenye kesi ya estopeli bila mtu kufanya upekuzi wa rejista siku ya kwanza. Upekuzi ungesema jina la nani liko pale, na kesi ingefunguliwa kwa mlango mwingine.

Akiuza

Kaka anayetaka kukutoa haraka hakushtaki. Anauza. Mnunuzi anakuja na hatimiliki mpya na kusema yeye hakuahidi mtu chochote. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinataja haki zinazoifunga ardhi hata bila kuandikwa kwenye rejista, amana za kimila zikiwamo, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba amana inaweza kuishinda hatimiliki iliyosajiliwa. Mnunuzi aliyepita mbele ya nyumba ya matofali yenye nguo zikianikwa uani, asiulize ni ya nani, ana kazi ngumu ya kujiita mwenye nia njema. Lakini usisubiri kubishana hivyo. Siku barua ya kuhama inapofika, nenda ofisi ya usajili wa ardhi ukaombe zuio liandikwe kwenye rejista ya kiwanja hicho, ukieleza haki unayodai, kisha uombe amri ya mahakama ya kusimamisha mauzo.

Kuna njia nyingine ambayo watu huikimbilia: umiliki kwa kukalia ardhi miaka 12. Kwa aliyeahidiwa ni mtego. Madai hayo yanataka uwe umekaa bila ruhusa ya mwenyewe, na hadithi yako yote ni kwamba mwenyewe alikuruhusu. Ukiyaweka yote mawili kwenye karatasi moja bila kutenganisha kwamba moja ni badala ya lingine, wakili wa upande wa pili atakusomea aya zako mwenyewe wakati wa kukuhoji.

Kesi yenyewe hufunguliwa kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu kama thamani iko ndani ya uwezo wake. Taja amana na estopeli kwa majina, maana ukidai kuvunjwa kwa mkataba peke yake, kifungu cha 3(3) kitakumaliza kabla shahidi hajaapa. Omba umiliki, na mbadala wake haki ya kukaa, na mbadala wake fidia. Upande wa ushahidi, picha ya kaka akikata utepe au akila pilau siku ya kuhamia inaweza kufanya kazi kuliko risiti ishirini za mabati. Risiti zinaonyesha ulijenga, jambo ambalo hakuna anayelikana. Picha inaonyesha alijua. Meseji ya simu ya mwaka 2011 inayosema "ukuta umefika wapi, usivuke mwembe" inathibitisha ahadi na mpaka kwa pamoja.

Ukishinda umiliki, hukumu haikupi hatimiliki siku hiyo. Sorovea anakuja kupima nusu ekari na kuweka vigingi, fomu za mgawanyo zinaandaliwa, na hatimiliki ya awali inatakiwa irudishwe. Kaka akikataa kutia sahihi, mahakama humwagiza naibu msajili wake atie kwa niaba yake. Ada ya sorovea, mara nyingi, unailipa wewe, na mwembe mara nyingi hukutwa umekatwa.